Mshale na Ufito: Kuisoma Dayodi na Transista Katika Sakiti Moja

Fungua mchoro wowote wa sakiti, uwe wa redio, wa chaja ya simu au wa kidhibiti cha sola, na utaona pembetatu ndogo ambayo ncha yake imegota kwenye ufito. Hiyo ni dayodi. Si mbali nayo utaona ufito mwingine ulioguswa na mistari miwili ya mshazari, mmoja wao ukiwa na kichwa cha mshale. Hiyo ni transista. Wanafunzi wa stashahada ya elektroniki huzikariri alama hizi wiki ya kwanza, wakazichora vizuri kwenye mtihani, kisha wakifika mezani na kipande chenye miguu mitatu mkononi, mchoro hauwasaidii kitu. Tatizo ni kwamba walifundishwa kuzichora tu, hawakufundishwa kuzisoma.

Alama hizi zilianza kama picha za vitu halisi. Redio za mwanzo zilitumia jiwe la fuwele lililoguswa na waya mwembamba uliochongoka, na umeme ukapita upande mmoja kwa urahisi kuliko upande wa pili. Ncha ya pembetatu ni ule waya, na ufito ni lile jiwe. Transista nayo ilizaliwa Desemba 1947 katika maabara ya Bell, Marekani, pale John Bardeen na Walter Brattain walipogusisha ncha mbili za dhahabu, zilizokaribiana mno, juu ya kipande cha jerimaniamu. Kipande hicho kilikuwa ndiyo kitako cha chombo kizima, na ndiyo maana mguu wake ukaitwa besi. Itazame tena alama: ufito ni kipande cha jerimaniamu, mistari miwili ya mshazari ni zile ncha mbili. Transista za leo hazitengenezwi hivyo hata kidogo, lakini picha imebaki.

Kilicho cha maana zaidi katika picha hiyo ni mshale. Kanuni yake ni moja kwa dayodi na kwa transista: mshale hutoka upande wa P kwenda upande wa N. Nyingi kati ya kazi za fundi mbele ya mchoro zinategemea kuijua kanuni hii na kuiamini.

P na N ni nini basi? Silikoni safi haipitishi umeme vizuri. Kila atomu yake ina elektroni nne za nje, na zote zimeshikana na jirani zake, hivyo hakuna iliyo huru kutembea. Ukitia kiasi kidogo sana cha fosforasi, ambayo ina elektroni tano za nje, ile ya tano hukosa pa kushika na kubaki huru. Silikoni hiyo huitwa N, kwa kuwa wabebaji wake wa umeme wana chaji hasi. Ukitia boroni, yenye elektroni tatu, hubaki nafasi moja isiyo na elektroni. Nafasi hiyo huitwa tundu. Elektroni ya jirani ikiingia humo, tundu huhamia kwa jirani, na ukilifuatilia utaona linatembea kana kwamba ni chembe yenye chaji chanya. Hiyo ndiyo silikoni ya P.

Pande hizi mbili zikiunganishwa ndani ya kipande kimoja, elektroni zilizo karibu na mpaka huvuka na kuziba matundu ya upande wa pili. Mpakani hubaki ukanda mwembamba usio na wabebaji huru, na ndani yake hujengeka msukumo wa umeme unaozuia wengine wasivuke. Ukiunganisha chanya ya betri upande wa P na hasi upande wa N, unaupunguza msukumo huo. Kwa dayodi ya silikoni, ukikaribia volti 0.6 au 0.7 mkondo huanza kupita kwa wingi. Ukigeuza betri, ukanda hupanuka na mkondo hukoma, isipokuwa ule mdogo sana unaovuja. Kwa hiyo kwenye alama, mkondo huingia kupitia pembetatu, iitwayo anodi, na kutokea kwenye ufito, uitwao kathodi. Dayodi yenyewe, kwa mfano 1N4007 nyeusi, ina pete ya rangi ya fedha kwenye ncha moja. Pete hiyo ni ule ufito wa kwenye mchoro.

Hapa wanafunzi huuliza swali zuri: mbona elektroni zinatoka N kwenda P, na mshale unaelekea kinyume? Jibu ni la kihistoria. Watu walikubaliana kwamba mkondo hutoka chanya kwenda hasi zaidi ya karne moja kabla elektroni haijagunduliwa mwaka 1897, na michoro yote imebaki na mapatano hayo. Mshale unafuata mkondo wa mapatano. Usijaribu kufuata elektroni na mshale kwa wakati mmoja kwenye mchoro, utachanganyikiwa bure.

Sasa tuingie kwenye sakiti moja na tukae humo. Mwanafunzi anataka bodi ya Arduino Uno iwashe pampu ya maji tangi linapopungua. Pampu inatumia umeme wa nyumbani, kwa hiyo huwashwa na rilei: swichi inayovutwa na sumaku ya koili. Koili ya rilei hii inataka volti 12, na ukinzani wake ni omu 400. Kwa hesabu ya kawaida, 12 ÷ 400, inahitaji miliampea 30. Pini ya Arduino hutoa volti 5 tu, na miliampea 20 ndizo zinazoshauriwa. Haiwezi kuivuta rilei peke yake, hivyo inatafutiwa transista. Mwanafunzi ananunua BC547, aina inayopatikana kirahisi katika maduka ya vipuri, Kariakoo na Luthuli Avenue pia.

BC547 ni ya aina ya NPN: tabaka mbili za N, katikati yao tabaka nyembamba ya P. Katika alama, besi ni ule ufito, yaani P ya katikati. Mstari wa mshazari wenye mshale ni emita, na usio na mshale ni kolekta. Mshale hutoka P kwenda N, na kwa kuwa P iko katikati, mshale unatoka nje. Ukiona mshale umetoka nje, jua ni NPN. Ukiuona unaingia kwenye ufito, tabaka ya katikati ni N, na hiyo ni PNP. Huna haja ya misemo ya kukariri.

Katika mchoro wetu, emita imeshuka hadi kwenye hasi, ambayo wengi huiita graundi. Kolekta imeunganishwa na upande wa chini wa koili, na upande wa juu wa koili uko kwenye volti 12. Besi inaongozwa na pini ya Arduino kupitia rezista. Hasi ya Arduino na hasi ya volti 12 zimeungwa pamoja. Zisipoungwa, mkondo wa besi hauna njia ya kurudi, na sakiti inakaa kimya hata kama kila kipande ni kizima.

Pini ikitoa volti 5, makutano ya besi na emita hupitisha mkondo kama dayodi yoyote, na volti kati yao husimama karibu na 0.7. Elektroni humiminika kutoka emita kuingia kwenye besi. Lakini besi imetengenezwa nyembamba mno, na boroni yake ni chache ukilinganisha na fosforasi ya emita. Elektroni chache tu ndizo zinazokutana na tundu na kuzama humo. Nyingine zote hufika ukingo wa kolekta, ambako volti iliyo juu zaidi huzivuta na kuzipitisha. Zile chache zilizopotea ndizo zinazolipwa na mkondo wa besi. Zilizofika ndizo mkondo wa kolekta. Wembamba wa besi ndio siri nzima, na ndiyo sababu ukiunganisha dayodi mbili mgongo kwa mgongo mezani hupati transista, japo mita itazionyesha hivyo hivyo.

Walimu wengi hufundisha transista kwa mfano wa bomba la maji, ambapo besi ni koki. Mfano huu si mbaya, ila una kasoro inayowagharimu wanafunzi: unafanya waamini kwamba ufunguaji ni uleule kwa kila transista. Sivyo. Uwiano kati ya mkondo wa kolekta na mkondo wa besi, uitwao ukuzaji na kuandikwa hFE, hutofautiana sana hata kati ya transista zenye jina moja. Kwa familia ya BC547, karatasi ya data huruhusu kuanzia 110 hadi 800.

Mwanafunzi wetu anaweka rezista ya besi ya kiloomu 22, kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo. Mkondo wa besi unakuwa:

(5 − 0.7) ÷ 22,000 = miliampea 0.195

Transista yake ya kwanza ina ukuzaji wa 300. Mara 300 ya mkondo huo ni zaidi ya miliampea 58, wakati koili haiwezi kupitisha zaidi ya 30. Transista inafunguka kabisa na rilei inalia "tik". Kazi imeisha, anafurahi. Anatengeneza bodi ya pili kwa mwenzake, mchoro uleule, rezista ileile, BC547 nyingine. Hii ina ukuzaji wa 110. Sasa mkondo wa kolekta unaishia miliampea 21.5. Zidisha kwa omu 400: koili inapata volti 8.6. Rilei nyingi za volti 12 huhakikishiwa kuvuta kuanzia asilimia 75, yaani volti 9. Hii inaweza kuvuta leo na kukataa kesho, au kutetemeka na kuchoma ncha za swichi yake.

Utaijuaje hitilafu hii? Pima volti kati ya kolekta na emita wakati pini imewashwa. Transista iliyofunguka kabisa, ambayo mafundi husema imejaa, huonyesha volti 0.2 au chini yake. Ya mwenzake itaonyesha karibu 3.4. Namba hiyo moja inakwambia kwamba transista haijafa na koili haijakatika. Kilichopungua ni mkondo wa besi. Watu wengi hapa hukimbilia kubadilisha transista, wakipata nyingine yenye ukuzaji mkubwa rilei inavuta, na wanaondoka wakiamini ile ya kwanza ilikuwa feki.

Dawa ni kutoutegemea ukuzaji ulioandikwa. Transista inapotumika kama swichi, mafundi hujilazimisha kuhesabu kana kwamba ukuzaji ni 20 tu, wengine 10. Miliampea 30 gawanya kwa 20 ni 1.5. Rezista inayotakiwa ni:

(5 − 0.7) ÷ 0.0015 = omu 2,867

Thamani ya kawaida iliyo karibu, upande wa chini, ni kiloomu 2.7, inayotoa miliampea 1.6. Pini ya Arduino hata haihisi mzigo huo, na kila BC547 nzima utakayochomeka itajaa. Usiende upande wa pili ukaiondoa rezista kabisa: besi na emita ni dayodi, haitakubali kupanda sana juu ya 0.7, na volti 4.3 zilizobaki zitaangukia kwenye pini yenyewe na kuiunguza, au transista, au vyote viwili.

Tumebakiwa na dayodi ya kwenye mchoro huu, na ndiyo inayosahaulika kuliko kitu kingine chochote. Imelala sambamba na koili, ufito wake juu kwenye volti 12, pembetatu yake chini kwenye kolekta. Ukiisoma kwa mshale utashangaa: ufito uko upande wa chanya, kwa hiyo dayodi imefungwa. Rilei ikiwa imewashwa dayodi haifanyi lolote. Kazi yake inakuja pini inapozimwa.

Koili huhifadhi nishati kwenye sumaku yake, na hupinga mkondo wake usikatike ghafla. Transista ikifunga, koili huendelea kusukuma mkondo uleule kwenda kwenye kolekta, na kwa kuwa njia imefungwa, volti ya kolekta hupanda hadi ipate pa kupenyea. BC547 imehakikishiwa volti 45 kati ya kolekta na emita. Koili ya rilei ndogo hupita hapo bila shida, na transista huvunjwa kila pampu inapozimwa. Huenda isife siku hiyo. Inaweza kufanya kazi kwa muda mrefu ndipo ikakwama ikiwa wazi, na pampu isizimike tena. Ukiweka dayodi, kolekta ikipanda kidogo tu juu ya volti 12, kufika karibu 12.7, anodi inakuwa juu ya kathodi kwa volti 0.7, mshale unaruhusiwa, na mkondo unazunguka ndani ya koili na dayodi hadi nishati iishe. Gharama yake ni kwamba rilei huachia kwa kuchelewa kidogo sana, jambo ambalo kwa pampu ya maji halina maana yoyote.

Ukiipachika kinyume, pete ikiwa upande wa kolekta, mambo hugeuka. Pini ikizimwa kila kitu kinaonekana sawa. Ikiwashwa, njia inakuwa wazi kutoka volti 12 kupitia dayodi moja kwa moja hadi kwenye transista, na koili imerukwa. Kinachozuia mkondo ni ukuzaji wa transista peke yake: miliampea 1.6 mara 200 ni miliampea 320, wakati BC547 imeruhusiwa 100. 1N4007 hubeba ampea nzima, kwa hiyo yenyewe hupona na transista ndiyo inayonuka moshi. Dalili yake ni rilei iliyo kimya na transista ya moto ambayo huwezi kuigusa.

Miguu nayo ina mtego wake. Shika BC547 upande wa bapa ukikutazama na miguu ikiwa chini: kutoka kushoto ni kolekta, besi, emita. Transista nyingine maarufu, 2N3904, ina sura ileile, lakini kutoka kushoto ni emita, besi, kolekta. Alama kwenye mchoro haikwambii lolote kuhusu mpangilio huu. Hilo hutoka kwenye karatasi ya data. Ukibadilisha moja kwa nyingine bila kuigeuza, emita na kolekta zimebadilishana nafasi. Mita itaendelea kuonyesha "dayodi mbili" nzima, ila ukuzaji utaporomoka, na makutano ya emita, ambayo BC547 huyavumilia hadi volti 6 tu kinyumenyume, yatakuwa yamesimama mbele ya volti 12.

Kwa kupima, weka mita kwenye alama ya dayodi, ileile pembetatu na ufito. Dayodi nzima ya silikoni huonyesha kati ya 0.5 na 0.7 ukiweka waya mwekundu kwenye anodi na mweusi kwenye pete, na huonyesha OL au 1 ukigeuza. Kwa NPN, weka mwekundu kwenye besi, na mweusi uguse miguu mingine kwa zamu. Namba mbili zitakaribiana, na ile iliyo juu kidogo kwa kawaida ndiyo emita. Kati ya kolekta na emita, pande zote, mita isisome kitu. Ikionyesha sifuri, transista imeungua. Ila usiipime dayodi ya rilei ikiwa bado kwenye bodi. Kama mita yako hupitisha miliampea 1 wakati wa kupima, itapita kwenye koili ya omu 400 na kukuonyesha karibu 0.4 kila upande, hata dayodi ikiwa imekatika. Toa mguu mmoja kwenye lehemu kwanza.

Ukishaelewa hivi, jaribu kuusoma mchoro ambao wengi huuchora wanapokuwa na PNP mkononi. Wanaigeuza sakiti juu chini: emita kwenye volti 12, koili kati ya kolekta na graundi, besi kwenye pini ya Arduino kupitia rezista ileile. Mshale unaingia kwenye ufito, hivyo transista hupitisha kila besi inapokuwa chini ya emita kwa volti 0.7. Emita iko kwenye 12. Pini ikiwa kwenye 0, besi iko chini vya kutosha, na rilei inavuta. Pini ikipanda hadi 5, bado iko chini ya emita kwa volti 7, na rilei inaendelea kuvuta. Pampu haitazimika kamwe, na mkondo wa besi sasa unaingia kwenye pini kutoka upande wa volti 12, jambo ambalo Arduino haikutengenezwa kulipokea. Ili PNP ifunge, besi yake lazima ipandishwe hadi karibu na 12, na pini ya volti 5 haiwezi. Hufanywa kwa kuweka rezista ya kuivuta besi juu hadi kwenye emita, na NPN ndogo, kama BC547 yetu, ya kuivuta chini kupitia rezista nyingine pini inapowashwa. Kwenye mchoro huo utaona transista mbili, mshale mmoja ukiingia na mwingine ukitoka.